Naomba ushauri: niongeze hisa au akiba?

Ndugu wanachama, nimeajiriwa hapa Mombasa na ninataka kujiunga na chama cha akiba na mikopo kinachokopesha hadi mara tatu ya akiba. Ninavyoelewa, hisa hupata gawio lakini hazirudishwi mtu anapojitoa, bali huhamishiwa mwanachama mwingine, ilhali akiba hupata riba na hurudishwa ikiwa hana deni wala hajamdhamini mtu. Akiba ya shilingi 100,000 ingenistahilisha mkopo wa 300,000. Lakini mshahara wangu ni 60,000, thuluthi yake sharti inifikie mkononi, na makato yamefika 33,000, kwa hiyo nafasi ya marejesho ni 7,000 tu kwa mwezi. Je, ikiwa kinachonibana ni mshahara wala si akiba, ziada yangu niielekeze kwenye hisa, au hofu yangu ya kuifungia huko ina msingi?