Nani analipa nauli ya kurudisha mzigo Kariakoo, na nitathibitishaje kwamba nimeutuma?

Mwenye Kibanda
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri wa haraka maana basi linatoka kesho alfajiri. Nipo Sumbawanga. Niliagiza inveta kwa muuzaji wa Instagramu, duka lake liko Kariakoo, nikalipa 180,000 na nauli ya mzigo 15,000. Tangazo limeandikwa 12V, iliyokuja ni 24V. Nimemwambia, anasema rudisha ila nauli juu yako, nikishaikagua ndo nakurudishia hela. Sasa nauli ni ya nani hapo? Na nikishatuma nitashika ushahidi gani, maana nasikia watu wanatuma halafu muuzaji anakana kabisa.

Chuma cha Laela
Pole mkuu. Ila nyie watu wa kununua Instagramu mna roho ngumu, hela yote hiyo unamtumia mtu hujawahi hata kumwona sura.

Binti Hamburg
Huku Ujerumani ukinunua mtandaoni una siku 14 unarudisha bila kuulizwa sababu na hulipi chochote. Mimi nilirudisha viatu, nikavipeleka pale wanapopokea vifurushi wakanipa karisiti kenye namba, nikaona kwenye simu mpaka vimefika. Mkomalie huyo alipe.

Wakili wa Kijiweni
Dada siku 14 ni kweli, ila hata huko Ulaya ukirudisha kwa kubadili mawazo tu nauli ni yako, labda duka liwe limekubali kulipa au halikukwambia mapema kwamba utalipa wewe. Maduka makubwa yanalipa kuvuta wateja.

Huku kwetu kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kitu kikija tofauti na kilivyoelezwa una haki ya kukikataa, na ukikikataa hulazimiki kukirudisha wewe, inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umekataa, labda kama mlikubaliana vinginevyo. Maana yake kukifuata ni kazi yake na gharama yake. Kwa hiyo kama 12V iliandikwa, nauli ni ya muuzaji, hata ile 15,000 ya kwanza unaweza kuidai. Shida ni kwamba hela iko mkononi kwake, ndo maana anakupangia. Skrinshoti ya tangazo unayo? Na mlivyochati ulimwandikia nini hasa?

Mwenye Kibanda
Tangazo ninalo, 12V inasomeka vizuri. Kwenye Wasap niliandika "nataka ile ya wati 1000", volti sikutaja kwa sababu nilikuwa naongelea ile ile ya kwenye picha.

Wakili wa Kijiweni
Uliituma ile picha kwenye chati au ulitaja tu wati? Hapo ndo atakapokimbilia, atasema wati 1000 anazo za aina mbili.

Mwenye Kibanda
Nilijibu kwenye stori yake, kwa hiyo picha ilikuwepo ila stori imeshapotea. Skrinshoti nilipiga siku ile ile.

Fundi Sola
Ngojeni kwanza. Huyu juzi kwenye uzi wa mpira alisema umeme ulikata wikiendi akawasha inveta mpya kibandani watu wakaangalia mechi mpaka mwisho. Inveta ya 24V ukiifunga kwenye betri moja ya 12V haiwaki, inalia alamu ya volti ndogo basi. Aliwashaje? Hii chai, anataka tu kumchafua mfanyabiashara wa watu.

Chuma cha Laela
Eheee! Mpeni sukari tunywe.

Mwenye Kibanda
Siyo chai mkuu na duka sijalitaja popote. Mwanzo ililia tu kama ulivyosema, ndo nikaangalia kibati cha nyuma nikaona 24V. Nikaazima betri ya jirani nikaunga mbili, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, ikawaka. Nikaitumia wikiendi ile, Jumatatu ndo nikamwambia muuzaji. Ningefanyaje, watu wameshalipa kiingilio na umeme hakuna? Mbona haijaharibika, haina hata mkwaruzo. Betri ya jirani nimerudisha, siwezi kuazima kila siku.

Wakili wa Kijiweni
Hilo ungelisema mwanzo kabisa, linabadilisha mambo. Kujaribu kitu ili ujue kama ndicho ni haki yako. Ila kukitumia kwenye biashara huku umeshajua siyo chenyewe, atasema umekipokea kama mali yako, na haki ya kukirudisha inaweza kuondoka. Hata hapo bado una madai ya fidia kwa sababu kilikuja tofauti na tangazo, sema siyo tena "chukua chako nipe changu". Mimi ningemwomba mgawane nauli ya kurudisha, au akutumie ya 12V yeye alipe ya kuja wewe ulipe ya kwenda.

Fundi Sola
Mimi sikubali, wikiendi moja kwenye kifaa cha umeme ni majaribio. Nauli alipe aliyekosea kufunga mzigo. Ila sawa, chai nimeifuta.

Mwenye Kibanda
Kugawana hapana, kosa siyo langu. Halafu mbona nauli nishapunguza, kuna konda namfahamu nimeshaongea naye, nampa hela ya soda anaibeba mbele kwa dereva, kesho anampa kijana wa duka pale Stendi ya Magufuli.

Mama Vipeto
Mwanangu usithubutu. Nimekaa dirishani ofisi ya vifurushi ya mabasi miaka mingi. Mzigo wa konda hauna risiti, haumo kwenye daftari, ukipotea kampuni inakwambia haikupokea kitu kwako na kweli haikupokea. Halafu huyo kijana wa duka ni nani? Muuzaji aandike mwenyewe kwenye Wasap jina na namba ya atakayepokea, akikaa kimya usitume.

Asubuhi nenda ofisini na boksi halijafungwa. Washa video, ionyeshe inveta ikiwa nzima, sogea karibu na kibati mpaka namba yake isomeke, funga boksi na gundi bila kukata video, mpaka unampa karani. Mwambie apime na aandike kilo kwenye risiti. Watu wanadharau kilo lakini muuzaji akisema boksi lilikuja na matofali au tupu, uzito ndo unaongea. Tulizoea kuandika "boksi 1" basi, wewe komaa iandikwe inveta, ile namba, na thamani 180,000. Ikiandikwa boksi tu, ukidai fidia utaambiwa boksi lina thamani gani. Risiti ipige picha hapo hapo, ile karatasi ya mashine inafutika, mtumie muuzaji pamoja na namba ya basi.

Mwenye Kibanda
Nikishakuwa na risiti si imetosha mama?

Mama Vipeto
Risiti yako inaonyesha umetuma, haionyeshi amepokea. Kule Dar anayechukua anasaini kwenye daftari na anaonyesha kitambulisho. Ukiona basi limefika piga ofisi ya kule, siyo kwa muuzaji, uliza nani kachukua na saa ngapi, waombe wakupigie picha ule mstari. Fanya siku hiyo hiyo, daftari likishajaa kulipata ni kazi.

Binti Hamburg
Kwa nini asitume EMS ya Posta? Ina namba ya kufuatilia inayoishia na TZ, haihitaji kubembeleza karani.

Mama Vipeto
Hiyo nayo nzuri, aulize tu bei kwanza, inveta ni nzito.

Chuma cha Laela
Si atume mpokeaji alipe? Kuna ofisi zinakubali.

Mama Vipeto
Zipo. Ila muuzaji akigoma kulipa mzigo unalala stoo, na wewe ndo utakayetafutwa.

Mwenye Kibanda
Nimempigia konda nimemwambia aache, kesho naenda dirishani. Muuzaji nimemwandikia alipe nauli yote, akikataa nitamtajia hiyo Sura ya 214. Kaona ujumbe, hajajibu.

Wakili wa Kijiweni
Basi usitume mpaka ajibu. Na akikuuliza kama uliitumia?