Ini lenye mafuta na hujawahi kugusa pombe: tupeane uzoefu

Dereva Mkavu: Wakuu, nilipigwa ultrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo. Mawe hayakuwepo, ila ini lina mafuta. Pombe sijawahi kuonja, na daktari aliniuliza mara tatu kama namdanganya. Siumwi popote. Mliopitia haya mlifanyaje?

Nesi Mstaafu: Barabarani unakunywa nini?

Dereva Mkavu: Soda za nusu lita, mbili kwa siku. Kula nakula kawaida tu.

Nesi Mstaafu: Hapo pana jibu. Nusu lita ina sukari kama gramu 50, kwa hiyo unakunywa gramu 100, yaani kalori 400 juu ya chakula chako. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku; kwa anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, chupa moja tu. Karibu nusu ya sukari hiyo ni fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi nyingi hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini linaigeuza mafuta. Halafu soda haishibishi, sahani inabaki ileile.

Kijana wa Mazoezi: Hamia juisi ya kukamua mwenyewe, haina madhara.

Nesi Mstaafu: Kuacha soda sawa, juisi hapana. Glasi ya juisi inaikaribia soda kwa sukari, hata usipoongeza kijiko. Tunda lile zima.

Mama Pacha: Mume wangu ana homa ya ini B, naye aache soda?

Nesi Mstaafu: Hicho ni kirusi, dada, kina matibabu yake. Ila mafuta yanaweza kumwongezea mzigo, kwa hiyo akipunguza si vibaya.

Fundi Saa: Mimi niliacha soda kabisa, kipimo cha damu cha ini, ALT, kikabaki 74. Kumbe nilikuwa nafidia kwa wali na maandazi, uzito ukabaki kilo 92. Nilipopunguza sahani nikashuka polepole hadi 85, ALT ikawa 38. Ultrasaundi bado inasema mafuta yapo, sielewi.

Nesi Mstaafu: Kilo 7 kati ya 92 ni kama asilimia 7 na nusu, hapo ndipo hata uvimbe wa ini huanza kutulia. Ultrasaundi haipimi vizuri mabadiliko madogo. Na ALT ikiwa nzuri isikulaze: ini linaweza kuwa na kovu nayo ikasoma kawaida. Muulize daktari akupigie hesabu ya FIB-4, inayokadiria kovu la ini. Anahitaji umri wako na vipimo vya damu vya AST, ALT na chembe sahani.

Kimbaumbau: Mimi mwembamba kabisa na ninalo. Hizo kilo nipunguze wapi?

Nesi Mstaafu: Wapo wengi kama wewe. Pima kiuno, na sukari ya damu pia. Kwenu mna kisukari?

Dereva Mkavu: Na soda zisizo na sukari je? Usiku usukani unataka kitu.

Fundi Saa: Mimi nilihamia kahawa chungu. Wiki ya kwanza ni adhabu.