Tupeane uzoefu: viatu vya miguu iliyovimba miezi ya mwisho ya ujauzito, vya kuvaa asubuhi mpaka jioni

Mwalimu wa Moro
Habari zenu wapendwa. Niko wiki ya 34, nafundisha darasa la tatu, na nasimama tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana. Kliniki wamenipima presha na mkojo, viko sawa, muuguzi kaniambia uvimbe huu ni ule wa kawaida. Kinachonisumbua ni viatu. Asubuhi vinaingia vizuri, ikifika saa sita vinabana juu ya mguu na pembeni penye kidole kidogo, nikivivua nakuta mshono umeniachia alama. Namba yangu ni 39. Dada yangu kaniazima 41 zake: asubuhi kisigino kinachomoka kila nikipiga hatua, na mchana pembeni panabana vilevile. Shule inataka viatu vyeusi vya kufunika, kwa hiyo kandambili haziwezekani. Mliopitia haya, mlivaa nini mkaweza kusimama nacho siku nzima?

Mama Wawili Ukonga
Pole na hongera mwalimu. Mimi nilikuwa nauza duka la dawa, kusimama kama wewe. Panda namba mbili tu, asubuhi vaa soksi nene ili kiatu kisipwaye, mchana ukivimba unavua soksi. Nimebeba mimba mbili kwa mtindo huo na sikupata shida.

Fundi Kalibu
Dada wa Ukonga, soksi ya kuvua mchana ni wazo zuri, nakuunga mkono. Kupanda namba ndiko kunakowaangusha wengi. Mimi ni fundi viatu hapa Mwanza, wajawazito huniletea viatu vyao kila wiki. Namba moja hizi za 38, 39, 40 huongeza urefu kwa karibu milimita sita na nusu. Upana huongezeka kidogo mno, kama milimita moja na nusu. Mguu wa mama mjamzito hauvimbi sana kwenda mbele, unavimba kwenda juu na pembeni. Kwa hiyo ukipanda namba mbili umepata zaidi ya sentimita moja mbele ya vidole ambako hukuhitaji, na pale panapouma umepata nafasi isiyofika hata nusu sentimita. Ndiyo maana 41 inakupwaya kisigino na bado inakubana.

Mwalimu, fanya hivi kabla ya kununua chochote. Jioni, ukishatoka kazini na kabla hujainua miguu, simama juu ya boksi lililokunjuliwa, mtu mwingine akuchore nyayo zote mbili, kalamu ikiwa imesimama wima. Wewe usiiname kujichora, uzito unahama na mchoro unadanganya. Kata yale maumbo. Kisha chukua futi ya fundi cherehani, zungusha juu ya mguu pale kamba za kiatu hufungwa, andika. Asubuhi yake ukiamka, pima tena hapohapo. Tuletee vipimo.

Bintizanzi
Shikamooni. Mimi natafuta viatu vya mtoto mchanga, je vile vya kufuma ni bora kuliko vya ngozi?

Mama Wawili Ukonga
Marahaba mwanangu. Hapa tunaongelea miguu ya mama. Mchanga msoksishe tu, viatu asubiri mpaka aanze kutembea.

Mwalimu wa Moro
Fundi, asante sana. Mume wangu kanichora jana jioni. Asubuhi upana wa mguu wa kulia ulikuwa sentimita 9.5, jioni 10.1. Urefu ni 24.5 asubuhi na jioni karibu uleule. Mzunguko wa juu ndio umenishangaza: asubuhi 23.5, jioni 25. Na mguu wa kushoto umezidi wa kulia kidogo pande zote.

Fundi Kalibu
Sasa tunaona. Urefu haukuhama, mzunguko umeongezeka sentimita moja na nusu. Kwa hiyo unachohitaji ni kiatu kinachofunguka juu, ukikaze asubuhi na kukilegeza mchana bila kukivua. Kiatu cha kutumbukiza mguu, kisicho na kamba wala mkanda, hata kiwe laini namna gani hakiwezi kazi hiyo. Kikitosha asubuhi kitabana mchana, kikitosha mchana asubuhi utakuwa unakikamata kwa vidole.

Chagua kwa mguu mkubwa, wako ni wa kushoto. Ingiza lile boksi ulilokata ndani ya kiatu. Likijikunja pembeni, kiache hata kama muuzaji anakuapia kwamba kitatanuka. Njia ya haraka zaidi kwa raba ni kutoa sponji ya ndani, kuiweka chini na kusimama juu yake: nyama ya mguu ikimwagika nje ya sponji, kiatu hicho ni chembamba. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, isizidi. Nakushauri 40, na uangalie za kiume. Namba ileile ya kiume kwa kawaida ni pana zaidi ya ya kike, na raba nyeusi ya kiume hakuna atakayekuuliza shuleni.

Ngozi halisi naweza kuitanua kwenye kalibu kwa usiku mmoja au mbili, nikapata milimita chache za upana. Reksini haitanuki, ikivutwa inapasuka au inarudi palepale. Na urefu hauongezwi na fundi yeyote.

Mama Likoni
Hujambo mwalimu. Mimi nauza mahamri na viazi karai, nimesimama tangu alfajiri. Mimba ya tatu nilivaa champali miezi yote kwa sababu ndizo zilizoingia, na nyayo zikaniuma kuliko miguu yenyewe iliyofura. Champali haina cha kuishika nyuma, kwa hiyo vidole vinaifinya kutwa nzima isitoke, jioni hata mashavu ya miguu yanakaza. Tena pale feri kwenye mteremko, sakafu ikiwa na maji, tumbo likikuvuta mbele, unateleza hivi hivi. Mimba ya nne nikapata ndara za mikanda mitatu, mmoja vidoleni, mmoja juu ya mguu, mmoja nyuma ya kisigino, kila mmoja na velkro yake. Asubuhi nakaza yote, saa tano nalegeza wa katikati, jioni nalegeza na wa mbele. Wa nyuma siugusi. Hizo ndizo nilizoenda nazo hadi kujifungua. Kama shule yataka vya kufunika, tafuta raba ya velkro mbili.

Shangazi wa Karume
Mimi nauza viatu vya mtumba. Binti akija na tumbo namwambia usiangalie rangi kwanza. Shika kiatu mbele na nyuma, kikunje. Kikikunjika pale vidole vinapoanzia, chukua. Kikikunjika katikati, mguu utakosa pa kuegemea, kiache. Kisha kisokote kama unakamua nguo: kisisokoteke kirahisi. Finya kisigino kwa nyuma, kiwe kigumu. Halafu kigeuze uone soli ilivyolika. Mtumba uliolika upande mmoja utakulaza mguu upande huo, na kipindi hiki viungo vyako vimelegea. Na njooni jioni! Mnakuja asubuhi mguu umenywea, kiatu kinaingia kama siagi, kesho mnarudi kunilaumu.

Baba Junior
Samahani kuingilia. Mke wangu ana wiki 31, na yeye anahitaji viatu. Mguu wake wa kushoto umevimba tangu juzi, kiatu hakiingii kabisa, wa kulia uko kawaida. Anasema nyama ya nyuma inamuuma akikanyaga. Nimchukulie namba ngapi?

Nesi Tabora
Baba Junior, viatu weka pembeni kwanza. Mguu mmoja ukivimba peke yake, na nyama ya nyuma ikauma, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Mpeleke hospitali leo hii, usisubiri tarehe ya kliniki, na msimkande wala kumchua mguu huo. Akianza kubanwa na pumzi au kifua kumuuma, hiyo ni dharura ya dakika ileile.

Na wengine mlio kwenye uzi huu: uvimbe wa kawaida huwa miguu yote, huzidi jioni na hupungua ukilala. Ukivimba ghafla usoni na mikononi, kichwa kikakugonga kisiache, macho yakaona ukungu au vimulimuli, au ukapata maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Presha ikifika 140 kwa 90 tunaanza kukufuatilia kwa karibu kwa sababu ya kifafa cha mimba. Kiatu kikubwa kinaweza kukufanya usiuone uvimbe unaoongezeka haraka, kwa hiyo ile futi ya fundi endelea nayo.

Baba Junior
Tumeshatoka nyumbani. Asante dada.

Mama Wawili Ukonga
Nesi, mimi nilipunguza maji ya kunywa na chumvi, nikaona mguu unapungua. Si ni sawa?

Nesi Tabora
Maji usipunguze, mama. Maji yaliyokaa miguuni yamekaa kwa sababu mimba imeongeza maji mwilini na tumbo linabana mishipa inayorudisha damu juu. Ukinywa kidogo unajikausha wewe na mguu unabaki. Kinachosaidia ni kukaa kila unapopata nafasi, kuinua miguu, kuzungusha vifundo. Mwalimu, vipindi vya kusahihisha madaftari vifanye umekaa, miguu juu ya kigoda. Ukipewa soksi za kubana, zivae kabla hujashuka kitandani, na kiatu ukijaribu ukiwa umezivaa kwa sababu nazo zinachukua nafasi.

Mwalimu wa Moro
Nimepata raba nyeusi ya kiume namba 40, ya kamba, boksi limelala bila kujikunja. Swali langu ni mbili. Kuinama kufunga kamba siwezi tena. Na kisigino chake kimeinuka kama sentimita mbili na nusu, wengine wananiambia mjamzito avae kiatu flati kabisa.

Fundi Kalibu
Kamba zitoe, pitisha lastiki ya duara ile ya mafundi cherehani. Anzia tundu la pili kutoka mbele, uipitishe moja kwa moja upande hadi upande bila kukatiza katikati, hivyo haikandamizi mfupa wa juu. Fundo lifungwe kwa kipimo cha saa sita mchana, si cha asubuhi, na asubuhi vaa soksi nene kama alivyosema dada wa Ukonga. Kuingia tumia mpini wa kijiko cha chakula nyuma ya kisigino, ukiwa umekaa. Kuhusu kuinuka, sentimita mbili hadi tatu ikiwa soli ni pana, mimi sina neno.

Mama Likoni
Mimi nahitilafiana na fundi kidogo. Kilichoinuka hata kidogo kiliniumiza kiuno. Flati yenye sponji nene ndiyo iliyonifaa.

Nesi Tabora
Wapo wa aina zote mbili. Flati nyembamba kama karatasi huchosha unyayo, kisigino kirefu hukuangusha. Katikati hapo sikiliza kiuno chako.

Bintizanzi
Na mimi niulize linalohusu sasa. Baada ya kujifungua mguu unarudi? Nina viatu vya harusi vimefungiwa kabatini.

Shangazi wa Karume
Wangu haukurudi. Nilikuwa 38, mpaka leo navaa 39.

Mama Wawili Ukonga
Wangu ulirudi mara zote mbili.

Nesi Tabora
Siku za mwanzo baada ya kujifungua unaweza hata kuvimba zaidi, hasa ukiwekewa maji ya dripu, kisha uvimbe ukapungua wiki hiyo na inayofuata. Ila upinde wa unyayo kwa baadhi ya akina mama hushuka na mguu hubaki mrefu kidogo. Viatu vya bei kubwa usinunue wala kugawa kwanza. Vya harusi vijaribu mtoto akishafikisha miezi kadhaa, na uvijaribu jioni.