Kidole gumba cha mguu kimeniamsha saa nane usiku kimewaka moto. Yaliyowakuta, tupeane uzoefu

Mbao za Mafinga
Wakuu, kamwene. Nimelala mzima. Saa nane usiku nimeamka nadhani nimemwagiwa maji ya moto kwenye mguu wa kushoto. Kile kifundo cha kidole gumba, pale kidole kinapoungana na mguu, kimevimba, kinang'aa, kinapwita. Shuka likigusa natokwa na machozi, na mimi nina miaka 46. Juzi Jumatano ubao uliniangukia kwa ncha juu ya buti, nikasikia kidogo tu, nikaendelea na kazi hadi jioni. Mke wangu anasema nimevunjika. Jirani anasema ni gauti, ugonjwa wa walevi. Mimi ni mlokole, pombe sijagusa tangu 2009. Waliopitia haya waniambie, ni nini hiki?

Mama Tukuyu
Pole sana mwanangu. Hilo ni ukucha umeingia ndani ya nyama. Mimi nilipata, nililoweka kwenye maji ya chumvi siku nne, ukatoka usaha, nikapona kabisa.

Mbao za Mafinga
Asante mama, ila ukucha wangu uko salama. Ni huku chini kwenye kifundo.

Mnyalu wa Kihesa
Nimesoma "shuka likigusa" nikajishika mguu mwenyewe. Kaka, ngoja nikusimulie.

Mwaka juzi mwezi wa sita, baridi ile ya Iringa mnaijua. Jumamosi tulicheza mechi ya maveterani. Beki mmoja alinikanyaga kidole, nikachechemea dakika mbili, nikamaliza mpira. Tukatoka hapo kwenye kitimoto. Kwanza rosti ya maini, halafu kilo moja na nusu tukagawana watatu, na bia mimi peke yangu sita. Maji hata glasi moja sikunywa siku nzima, na jasho nilikuwa nimelimwaga.

Saa tisa usiku nikapiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja na rungu akijua wezi. Nilishindwa kukanyaga chini. Usafiri hakuna, na nakaa kwenye kilima ambacho gari halifiki, kwa hiyo asubuhi shemeji yangu alinipakia kwenye toroli la kubebea mchanga, mguu umening'inia mbele. Kila jiwe nalihesabu. Watoto wa shule wanatufuata nyuma wanaimba. Katikati ya mteremko mama mmoja mwenye huruma akavua mtandio wake anifunike mguu baridi isiuingie. Ule mtandio ulipotua kwenye kidole nilimtukana mama wa watu. Mpaka leo nikimwona sokoni nabadilisha njia.

Zahanati nikasema ukweli: nilikanyagwa mpirani. Habari ya kitimoto hakuna aliyeniuliza, nami sikuitaja. Wakapiga eksirei, wakasema wanahisi ufa mdogo, wakanifunga hogo. Jamani, kiungo kinachovimba ukifungie ndani ya hogo! Usiku ule ule nililikata na mkasi wa kukatia mabati. Siku ya tisa maumivu yakaisha yenyewe, ngozi ya kidole ikawa inawasha na kubanduka kama ya nyoka. Nikasema ufa umeunga.

Miezi saba baadaye, mpira sijacheza, sijajikwaa popote, nimetoka msibani tulikokula utumbo siku mbili. Kidole kile kile, saa ile ile. Hapo ndipo nikajua sikuwahi kuvunjika.

Dereva wa Tunduma
Toroliiii 😂😂😂 nimesimamisha lori nicheke

Soweto Mbeya
Huyo mama wa mtandio aombwe radhi hadharani kwanza, ndipo tuendelee na mada.

Dereva wa Tunduma
Na shemeji alidai hela ya toroli au ilikuwa bure?

Mnyalu wa Kihesa
Alidai. Na bia moja juu.

Mla Mbuzi wa Kabwe
Mleta mada, hiyo ni gauti asilimia mia. Acha nyama zote, maharage, njegere, uyoga, mchicha. Kanunue alopurino leo leo, meza vidonge vitatu usiku kucha uone. Na mguu uchue kwa kanda la moto.

Tabibu wa Zamu
Mla Mbuzi, umepatia ugonjwa lakini dawa umeikosea. Ngoja nimuulize mwenyewe kwanza.

Mbao, nijibu haya. Una homa au kutetemeka? Kuna kidonda au mchubuko popote kwenye mguu huo? Una sukari? Kuna vilio la damu, ile rangi ya zambarau, pale ubao ulipopiga? Unatumia dawa yoyote ya kila siku? Jioni ya Jumatano baada ya ubao ulitembea kawaida?

Mbao za Mafinga
Homa hakuna, kidonda hakuna, sukari nilipima mwaka jana ikawa sawa. Vilio sioni. Jumatano na Alhamisi nilitembea vizuri kabisa, nikapakia fuso mbili. Dawa natumia ya presha, kile kidonge cha kukojoza, tangu mwaka jana. Asubuhi hii nimenunua diklofenaki duka la dawa, nimemeza mbili.

Tabibu wa Zamu
Hapo umenipa picha. Kidole kilichovunjika huuma pale pale kinapopigwa. Kingekuuma zaidi Jumatano ile ile jioni, na usingepakia fuso. Kesho yake ungeona damu imevilia, na ukikiweka juu ya mto bila kukigusa kingekupunguzia. Gauti hukuacha ulale mzima, ikapanda ndani ya saa chache hadi kilele chini ya siku moja, na hata ukitulia kinapwita. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo usiutafute kwa macho. Weka mgongo wa kiganja kwenye kifundo hicho, kisha kwenye cha mguu mwingine. Joto utalisikia, na ngozi ya juu utaiona imevutika inang'aa.

Ila ubao usiutupe nje ya kesi. Kiungo kilichogongwa ni mahali ambapo gauti hupenda kuamkia. Chembe za asidi ya yuriki zilikuwa zimelala humo miezi au miaka, kishindo kikaziamsha. Ndiyo maana Mnyalu alikanyagwa kweli na gauti ikaja kweli, halafu kila mtu akashika lile la mpira.

Na usiku una sababu yake. Asidi ya yuriki hugeuka chembe kwa urahisi zaidi mahali penye baridi, na kidole gumba kiko mbali na moyo, mwisho kabisa wa mwili. Usingizini pia hunywi maji. Huku kwetu Juni na Julai nawaona wengi.

Sasa diklofenaki. Una presha, na kidonge cha kukojoza, na sasa hiyo. Hivyo vitatu kwa pamoja ndivyo vinavyoumiza figo. Usiongeze nyingine kabla hujapimwa kreatinini. Kuna dawa nyingine za kutuliza, kolchisini kwa dozi ndogo au prednisoloni kwa siku chache, lakini achague anayekuona. Na hicho kidonge cha kukojoza kinaweza kuwa ndicho kinachobakiza asidi mwilini. Usikiache mwenyewe, mwambie daktari wako. Kuna dawa ya presha, losartani, ambayo yenyewe husaidia kuitoa kwenye mkojo.

Ukipata homa, au kidole kikavimba kupanda mguuni, usisubiri asubuhi. Kiungo chenye usaha hufanana na gauti sana, nacho huharibika ndani ya siku chache.

Mla Mbuzi wa Kabwe
Daktari, mimi alopurino imenisaidia. Unakataaje kitu nilichokiona kwa macho?

Tabibu wa Zamu
Sikatai dawa, nakataa saa ya kuimeza. Ni dawa ya kushusha asidi miezi na miaka, maumivu ya leo haiyagusi. Ukianza na vitatu ghafla katikati ya moto, chembe zinatikisika na moto unaongezeka. Aliyekuwa anaitumia tayari, yeye asiikatize.

Mnyalu wa Kihesa
Hapo nathibitisha. Mimi nilianzishiwa kimoja cha miligramu 100 baada ya kupoa, pamoja na kolchisini ya kulinda. Nikajiona mjanja, wiki ya pili nikaacha ile ya kulinda kwa sababu inanipeleka chooni. Wiki ya tatu kidole kikarudi! Sasa niko kwenye 300, mwaka wa pili huu, kimya.

Na kitu kingine kilichonipoteza. Siku ile ya msiba walinipima asidi ya yuriki ikatoka 338. Wakaniambia si gauti, kiwango kiko sawa, nenda nyumbani. Hospitali nyingine mzee mmoja akaniambia wakati wa shambulio namba hushuka, rudi baada ya wiki tatu ukiwa mzima. Nilirudi, 540.

Soweto Mbeya
Kumbe! Baba yangu walimkatia tamaa kwa kipimo kimoja.

Ulanzi Asilia
Mnatukana bia bure. Kunyweni ulanzi, ni maji ya mti, unasafisha figo. Babu yangu kanywa miaka sitini, vidole vyote vizima.

Dereva wa Tunduma
Babu yako alikuwa anatembea kilomita ishirini kwenda kuugema. Wewe unaletewa na bodaboda.

Tabibu wa Zamu
Ulanzi wa asubuhi ni sukari, wa jioni ni pombe. Bia ni mbaya zaidi, lakini pombe yoyote huifanya figo ibakize asidi.

Ulanzi Asilia
Nimesema ni maji ya mti.

Mama Tukuyu
Na usipa wetu wa Kyela nao mnaukataza? Maharage je? Tutakula nini, mawe?

Tabibu wa Zamu
Maharage kula mama, hayo hayajaonekana kuleta gauti, na mchicha vilevile. Maini, figo, utumbo na usipa, hapo mwenye gauti apunguze kweli. Ila msidanganyane kwamba chakula peke yake kitamshusha mtu kutoka 540 hadi chini ya 360. Hupunguza kidogo tu.

Mla Mbuzi wa Kabwe
Na kanda la moto?

Mnyalu wa Kihesa
Njoo Kihesa nikuchue wewe kwanza.

Tabibu wa Zamu
Maji ya baridi kwenye kitambaa, dakika kumi na tano, mguu juu. Kuchua hapana. Mbao, swali moja nililosahau: hunywi pombe, unakunywa nini kazini?

Mbao za Mafinga
Soda. Mbili, siku ya jua tatu. Maji ya pale kiwandani hayanyweki.

Tabibu wa Zamu
Basi mlevi wako tumempata. Sukari ile ya soda ikifika kwenye ini hutengeneza asidi hiyo hiyo.

Mbao za Mafinga
(siku nne baadaye) Wakuu nimerudi. Eksirei haina mvunjiko. Kreatinini wamesema iko sawa. Asidi 371, daktari amesema tusiamini, nirudi baada ya wiki tatu. Amenipa prednisoloni siku tano, na dawa ya presha atanibadilishia nikirudi. Leo nimekanyaga chini ila buti bado halivaliki, nimekwenda kazini na kandambili. Mke wangu bado anasema ni ubao.