Mwaliko wa usaili umekuja kama faili la invite.ics, nimekosa usaili!

Mchapakazi
Wakuu, nina hasira. Mwaliko ulifika Jumatatu, lakini kalenda yangu haikuonyesha kitu. Barua ilikuwa tupu, chini yake kuna kiambatisho invite.ics. Nikikifungua kwenye simu naona BEGIN:VCALENDAR na msururu wa herufi. Saa sikuiona, kitufe cha kukubali hakuna. Mialiko ya watu wengine inaingia vizuri kwenye Thunderbird, programu yangu hiihii ya barua kwenye kompyuta. Leo nimepigiwa simu naulizwa niko wapi!

Kidole Juu
Tatizo ni kompyuta yako. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua lifunguliwe na programu ya kalenda siku zote. Kwangu yaliisha hapo.

Mchapakazi
Nimefanya. Tukio limeingia, ila nimewapigia, wanasema kwao bado naonekana sijajibu.

Fundi Posta
Kwa sababu umeingiza faili tu kwenye kalenda, mwaliko wenyewe hujaujibu. Fungua barua, bonyeza Ctrl+U, utafute Content-Type iliyo karibu na jina la faili. Ilete hapa.

Mchapakazi
```
Content-Type: application/octet-stream; name="invite.ics"
Content-Disposition: attachment
```

Fundi Posta
Mchawi ndiye huyo. Octet-stream ni kama mzigo usioandikwa kilichomo. Programu yako haijaambiwa kuwa ni kalenda, basi inauweka pembeni kama faili lolote. Mtumaji alitakiwa aiweke kalenda ndani ya multipart/alternative, sambamba na maandishi ya barua, ikiwa na kichwa hiki:
```
Content-Type: text/calendar; method=REQUEST; charset=UTF-8
```
Ndani ya kalenda yenyewe nako kuwe na METHOD:REQUEST, viwili hivyo vilingane. Akiandika PUBLISH, hilo ni tangazo lisiloomba jibu, na vitufe hutaviona. Kwako hakuna pa kurekebisha. Wapelekee mistari hiyo wenye mfumo.

Bi Saa
Mimi wangu unafunguka, ila kikao cha saa tatu asubuhi kinasoma saa sita mchana. Nifute programu niweke upya?

Fundi Posta
Usifute, dada. Lako ni jingine. Fungua faili, tazama mstari wa DTSTART, ule wa saa ya kuanza, kama unaishia na Z. Herufi hiyo inasema saa ni ya UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya saa za kwenu. Mtumaji akiandika saa za kwenu kisha akabandika Z, kalenda inaongeza tofauti yote.

Mchapakazi
Wamebadilisha, wamenitumia wa majaribio. Thunderbird sasa inaonyesha vitufe, nimekubali na jibu limewafikia. Lakini sanduku langu la pili, ambalo barua hupelekwa zenyewe kutoka anwani ya kwanza, bado halina vitufe.

Fundi Posta
Linganisha mstari wa ATTENDEE, unaotaja mwalikwa, na anwani ya sanduku hilo. Kama mwaliko unataja anwani ya kwanza tu, baadhi ya programu hazikutambui kuwa mwalikwa. Ikiwa zinafanana, lete chanzo chote cha barua, ila ficha anwani.

Mchapakazi
Hazifanani. Na usaili wangu hawajasema kama wataurudia.