Pole na kazi: umemsalimia mtu au umemhurumia tu?

Binti Mwanahawa: Jamani naomba tujadili hili. Jana nimepita kwa mafundi wanaojenga hapo jirani, nikasema pole na kazi nikaendelea na safari yangu. Shemeji yangu alikuwa nyuma kanijia juu, eti sijasalimia watu, pole sio salamu, nilitakiwa niseme habari zenu kwanza. Pole na kazi ni salamu au sio? Na kama ni salamu, inakuwaje kumwambia mtu umeona anahangaika ikahesabika umemsalimia?

Kipepeo wa Pwani: Shemeji yako yuko sahihi. Pole ni neno la msiba na ugonjwa. Mtu anayefanya kazi hajapatwa na baya lolote, huyo anapewa hongera. Sisi tumefundishwa nyumbani, shikamoo kwa mkubwa, hujambo kwa mdogo, mambo kwa rika, basi. Halafu hata hilo pole nasikia ni la Kiarabu, waswahili wa zamani hawakuwa nalo.

Saidia Fundi: Kipepeo umeshawahi kushika karai wewe? Maana naona unaongea kama mtu aliyekaa kivulini. Mi niko kwenye ujenzi mwaka wa nane huu, nikwambie kitu, siku ya kumwaga zege hakuna mtu anataka habari yako. Zege likishachanganywa halisubiri, linatakiwa lifike juu na lisambazwe kabla halijaanza kukaza, kwahiyo mstari wa ndoo ukianza haukatiki, huyu anampa huyu, huyu anampa yule, mpaka juu kabisa. Sasa unapita chini unaniambia habari za kazi, mi nikujibu nzuri, uniulize za nyumbani, nikujibu salama, uniulize watoto, na ndoo iko kichwani! Ukiniambia pole na kazi nakujibu asante, imeisha, na umeniheshimu kuliko yule aliyenisimamisha. Habari ni swali, mtu anadaiwa jibu. Pole hainidai kitu. Mnaoweza kuipinga ni nyie wa kwenye viyoyozi, na nyie ndio mnapeana pole na kazi kutwa wakati hamjachoka chochote.

Mhasibu Mchovu: Samahani, hapo mwisho umenikosea. Hatujachoka chochote? Unajua kufunga hesabu za mwezi wewe? Mimi kuna siku natoka ofisini saa nne usiku, shingo haigeuki, macho yanawasha, na kama kuna tofauti ya shilingi mia tano tu unatafuta ukurasa kwa ukurasa mpaka uione. Na kichwa kikichoka hakipumzishwi kwa kukaa. Mtu akiniambia pole na kazi nastahili kabisa.

Saidia Fundi: Shilingi mia tano unaitafuta umekaa kwenye kiti cha kuzunguka ndugu yangu. Mfuko wa simenti ni kilo 50, njoo uubebe hata kumi tu halafu turudi hapa kuongea.

Mhasibu Mchovu: Na wewe njoo ukae mbele ya mkaguzi akikuuliza hati ya malipo iko wapi. Tusidharauliane kazi.

Nesi wa Zamu: Jamani kazi haipimwi kwa kilo. Mi nikitoka zamu ya usiku nikipishana na mama anayefagia barabara saa kumi na mbili asubuhi tunapeana pole wote wawili, ye ananiambia pole na kazi dada, namwambia na wewe pole na baridi. Hakuna aliyemuuliza mwenzie umebeba kilo ngapi. Tena mlinzi wa getini ndo wa kwanza kupewa, na yule kazi yake ni kukaa na kukesha, sasa Saidia Fundi utamnyima?

Saidia Fundi: Mlinzi simnyimi, anakesha. Nimesema wa ofisini.

Msafiri wa Nakuru: Hii mambo ya pole ilinichanganya sana nikija Dar. Kwetu ukimkanyaga mtu unamwambia pole, ukichelewa unasema pole nimechelewa. Sasa siku ya kwanza kazini dada wa mapokezi akaniambia pole na kazi, mi nikafikiri kuna kitu amenikosea ama kuna barua inakuja ya kunifukuza. Nikamjibu usijali, hakuna shida. Alinitazama tu. Ilinichukua kama wiki mbili hivi kujua natakiwa kusema asante.

Mwalimu Mstaafu: Huyu ndugu wa Nakuru ametupa ufunguo bila kujua. Kwetu Bara aliyekosa husema samahani au nisamehe. Pole haibebi kosa la msemaji. Nikikwambia pole sikiri kwamba mimi nimekuumiza, nasema nimeiona taabu uliyonayo. Ndiyo maana tunampa msafiri, tunampa mfiwa, tunampa aliyenyeshewa, tunampa anayelima, na katika hao wote hakuna tuliyemtendea ubaya.

Kipepeo, pole si la Kiarabu. Ni lilelile la mpole, upole na polepole, Kibantu kabisa. La Kiarabu ni hilo habari ambalo shemeji wa Mwanahawa analiona ndiyo salamu halisi. Na hujambo unayoitetea ukiifungua ndani ni kumwambia mtu huna jambo, yaani huna lililokupata. Angalia basi, salamu zetu nyingi zinazunguka palepale, mtu ana jambo au hana. Kwa aliyekaa barazani sijui kama analo, ndiyo nauliza. Kwa aliyeinama na jembe, jasho linamtiririka, jambo lake naliona kwa macho, nitaulizaje tena? Nalitaja, nampa pole. Msikilizeni na anavyojibu: asante, nimeshapoa. Anaipokea kama kitu cha kumpoza, halafu anarudisha, na wewe pole na jua, au pole na safari. Ikishajibiwa na kurudishwa hivyo, inapungukiwa nini kuwa salamu?

Kipepeo wa Pwani: Sawa kwenye Kiarabu nimekosea, nimekubali. Ila mwalimu usinitoe kwenye hoja yangu. Je kijana akimkuta mzee wa miaka sabini anachimba shimo amwambie pole na kazi tu apite? Kwetu huyo hajasalimia, huyo hana adabu.

Mwalimu Mstaafu: Hapo uko sawa. Shikamoo haibadilishwi na pole. Kwa mkubwa inatangulia shikamoo, akishaitikia marahaba ndipo unaweka pole na kazi mzee wangu. Pole inachukua nafasi ya habari na mambo, haichukui nafasi ya shikamoo.

Mama Lishe: Mi nasemea jikoni kwangu. Kuna mteja akifika anasema pole na kazi mama, na mi hata kuni sijawasha, ndo kwanza nachambua mchele. Asubuhi vile sijachoka, niambie kazi njema nitafurahi. Pole iletwe mchana moshi umeshaniingia machoni. Na kuna mwingine anakupa pole nzuuuri, anakaa, anakula, halafu anasema nitalipa kesho. Hiyo pole yake nampa mwenyewe arudi nayo.

Saidia Fundi: Mama Lishe umesema la maana, wakati. Na kuna mtu akikukuta umejilaza saa ya mapumziko anasema pole na kazi kwa sauti ile ya kukuchoma, hapo anakwambia we mvivu. Maneno yaleyale.

Mhasibu Mchovu: Kwahiyo ya kwangu nayo ni ya kunichoma? Jibu swali langu usiruke.

Saidia Fundi: Wa ofisini mna ya kwenu, pole na majukumu. Si ndo mnavyoambiana? Chukueni hiyo, pole na kazi tuachieni sisi.

Mhasibu Mchovu: Pole na majukumu tunaambiana hata kwenye simu na mtu ambaye simuoni anafanya nini, ni ya jumla. Nikikutwa nimeinamia daftari nataka ileile unayopewa wewe. Bosi wangu wa zamani alikuwa anapita mezani kila jioni, pole na kazi, pole na kazi, mtu mmoja mmoja kwa jina, na mshahara ulikuwa unachelewa miezi miwili. Tulikuwa tunagombana naye kuhusu mshahara lakini hiyo pole hatukuwahi kuikataa. Aliyekuja baada yake analipa kwa wakati na anapita kama anapita kwenye viti vitupu. Mimi mpaka leo sijui nani alikuwa afadhali.

Nesi wa Zamu: Anayelipa. Pole hailipi kodi.

Mhasibu Mchovu: Rahisi kusema.

Mwalimu Mstaafu: Narudi kwa Mwanahawa maana tumemwacha njiani. Binti, hao mafundi walikuwa wangapi, na uliwaambia pole au poleni?

Binti Mwanahawa: Walikuwa kama watano mwalimu. Fundi mkuu yuko chini anapima na kamba, wengine juu ya majukwaa, mmoja anakoroga udongo. Nilisema pole na kazi fundi. Aliyejibu ni yeye tu, wale wengine walinyamaza.

Mwalimu Mstaafu: Basi shemeji yako alinusa kitu, ila akakosea jina lake. Kusema pole hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba ulimpa mmoja mbele ya wanne wenye jasho. Pole huongezwa -ni mwishoni ikiwa ya wengi, kama karibu na karibuni, asante na asanteni. Ungesema poleni na kazi, sauti ikafika juu, wote watano ungekuwa umewasalimia kwa neno moja. Ulipoongeza fundi ukaifunga kabisa, ikawa ya aliyeshika kamba peke yake.

Saidia Fundi: Hapo mwalimu umenigusa. Mtu anakuja saiti anampa fundi pole, anampa fundi mkono, na mi niko hatua mbili na ndoo, ananizunguka kama mfuko wa mchanga. Inauma kuliko mzigo. Yule anayesema poleni jamani hata jina lake silijui lakini namkumbuka.

Kipepeo wa Pwani: Mi bado nasema hongera ingefaa zaidi. Mbona mama aliyejifungua tunampa hongera na alipata taabu?

Nesi wa Zamu: Tunampa zote mbili Kipepeo, mi niko wodini naona kila siku. Hongera ya mtoto, pole ya uchungu. Na anayemaliza nyumba yake anapewa hongera, ila wakati anajenga alikuwa anapewa pole.

Msafiri wa Nakuru: Na je, kama ni mtu mmoja na ni mkubwa wangu, naweza kumwambia poleni kwa heshima?

Mama Lishe: Mmoja mwambie pole tu. Poleni atageuka nyuma aangalie umemuona nani mwingine.

Binti Mwanahawa: Leo nimepita tena. Nimesema poleni na kazi jamani. Yule wa kukoroga udongo kaniambia asante dada tumeshapoa, na wewe pole na jua. Nimemwambia shemeji, kasema vizuri, ila bado anataka niseme habari zenu kwanza.

Saidia Fundi: Mwambie shemeji aje siku ya zege.