Kusafisha tiketi kabla ya mkandarasi kuingia: hapohapo au mradi mpya?

Zabibu_Dom: Wakuu, tuna Redmine yenye tiketi 180 za mfumo wa maombi ya viwanja. Wiki ijayo mkandarasi anapewa akaunti. Maelezo yamejaa majina, simu na namba za NIDA. Nisafishe hapohapo, au nifungue mradi mpya?

Mpwapwa88: Hapohapo. Fungua tiketi, futa namba, hifadhi. Siku mbili umemaliza.

BiTakwimu: Hapo utafuta juu, chini kumebaki. Ukibadilisha maelezo, historia ya tiketi inaweka kiungo cha kulinganisha, na anayeiona tiketi anabonyeza akasoma ya zamani yote. Kiambatisho nacho ukikifuta, jina la faili hubaki kwenye historia. Kama faili liliitwa kwa jina la mwombaji, umeshamtaja. Jaribu hii kwenye hifadhidata:

```
SELECT j.journalized_id, d.old_value
FROM journal_details d
JOIN journals j ON j.id = d.journal_id
WHERE j.journalized_type = 'Issue'
AND d.prop_key = 'description';
```

Mpwapwa88: Duh, sikujua. Basi anakili tiketi kwenda mradi mpya, historia haiendi.

BiTakwimu: Ni kweli haiendi, ila maelezo yanakwenda yalivyo. Ukinakili kwanza ndipo usafishe, unaanzisha historia mpya yenye namba zilezile. Toa CSV ukiwa umeweka tiki kwenye maelezo, safisha faili, kisha iingize kwenye mradi mpya. Mkandarasi apewe uanachama wa huo tu, na hakikisha wa zamani si wa umma. Viambatisho haviji na CSV, na hiyo ni heri: pandisha vile tu anavyovihitaji.

Fundi_Kizota: Sisi PDF tunaziba jina kwa kisanduku cheusi, inatosha?

BiTakwimu: Ijaribu:

```
pdftotext fomu.pdf - | less
```

Jina likitokea, kisanduku kimelifunika tu, maandishi yapo chini. Geuza kurasa ziwe picha baada ya kuziba. Picha za simu za eneo la kiwanja pia hubeba majiranukta ya mahali zilipopigwa, `exiftool -all= picha.jpg` huyaondoa.

Zabibu_Dom: NIDA nikiacha tarakimu 8 za mwanzo na kuziba 12, sawa?

BiTakwimu: Hapana, hizo 8 ndizo tarehe ya kuzaliwa. Ondoa zote 20, weka MWOMBAJI-01, na mtu huyohuyo abaki 01 kila tiketi, la sivyo mkandarasi hatajua kwamba hitilafu tatu ni za ombi moja. Usisahau kiwanja: “Na. 14, Kitalu C, Nkuhungu” inamtaja mwenyewe hata bila jina.

Fundi_Kizota: Lakini hitilafu ikiwa kwenye namba ya kiwanja yenyewe? Kwetu mfumo ulikuwa unakataa zenye herufi, kama 14A. Ukiiondoa, mkandarasi ataona nini?

BiTakwimu: Tunga ya mfano yenye umbo lilelile, 99A, na hakikisha inaleta kosa lilelile kwenye mfumo wa majaribio.

Zabibu_Dom: Kwa baadhi ya tiketi kosa linatokea kwa rekodi halisi tu. Hizo bado sijui nifanyeje.